Simu ya Dereva Kwenye Jua la Kisumu: Kuipoza, Kuipima na Kuichaji Bila Kuua Betri

Dereva wa teksi na mwalimu wanaweza kununua simu za aina moja, siku moja, duka moja, na baada ya mwaka betri ya mwalimu bado inafika jioni huku ya dereva ikizima saa nane mchana. Simu ya mwalimu hushinda mkobani au mezani, chini ya paa. Ya dereva hushinda imebanwa mbele ya kioo cha gari, ramani imewashwa, mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho, na waya wa chaji haujachomolewa tangu asubuhi.

Mimi ni fundi wa simu, na mwongozo huu namwandikia dereva huyo. Nitashika hali moja tu: simu iliyo ndani ya gari, juani, ikiwa imejaa chaji au bado iko kwenye chaji. Hali hiyo ndiyo inayozeesha betri kuliko nyingine zote ninazozijua katika matumizi ya kawaida, na bahati nzuri ni hali unayoweza kuibadilisha bila kununua chochote cha maana.

Joto linavyojikusanya

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu ya ikweta. Mchana wa Januari hadi Machi joto la hewa hufika nyuzi 30 au 31. Hewa hiyo peke yake simu inaivumilia. Apple, kwa mfano, hushauri iPhone itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35, na ikiwa haitumiki ihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi 45. Shida inaanza ukifunga milango ya gari. Mwanga wa jua unapita kwenye vioo, unapiga dashibodi na viti, navyo vinapata moto na kuipasha hewa ambayo haina pa kutokea.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima jambo hili na kukuta joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa takriban nyuzi 22 kwa saa moja. Asilimia 80 hivi ya kupanda huko ilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Kwa hiyo ule msemo wa madereva, "nimeiacha dakika kumi tu, na kioo nimeteremsha kidogo", simu haiuelewi. Utafiti mwingine wa Arizona, mwaka 2018, uliofanywa siku zenye joto kali kuliko letu, ulikuta hewa ya ndani ya magari yaliyokuwa juani ikifika wastani wa nyuzi 47 baada ya saa moja, na dashibodi nyuzi 69. Magari yaliyoegeshwa kivulini, dashibodi yake ilikuwa nyuzi 48. Angalia tofauti hiyo: dashibodi ndiyo sehemu yenye moto mkali zaidi ndani ya gari, na ndipo tunapoweka simu.

Wa Nakuru asijione salama kwa kuwa mji wake una baridi. Uko juu zaidi, karibu mita 1,850, na hewa yake ni ya upole, lakini jua linalopiga kioo cha gari pale ni kali vilevile. Dashibodi haipashwi na hewa ya nje. Inapashwa na mwanga.

Juu ya joto hilo la gari, simu nayo inazalisha lake. Ramani iliyo wazi, data, setilaiti inayotafutwa kila mara na skrini yenye mwanga kamili huweza kula kama wati 3 hadi 5, na karibu zote huishia kuwa joto. Chaji nayo inaongeza, kwa sababu umeme unapoingia kwenye betri sehemu yake hupotea kama moto. Chaji ya haraka hupoteza zaidi, na chaji isiyotumia waya hupoteza zaidi ya hiyo.

Mfano: gari limeegeshwa Dunga

Tuchukue mchana mmoja wa Februari. Dereva amemshusha abiria Dunga, ameegesha pasipo na mti, akaenda kula samaki. Simu ameiacha kwenye kishikio juu ya dashibodi. Ina asilimia 97 kwa sababu ilikuwa kwenye chaji njia nzima. Anakaa dakika arobaini.

Akirudi, hewa ya garini iko karibu na nyuzi 50 na dashibodi imezidi hapo. Anagusa simu na kuachia. Anaiwasha, skrini ni hafifu kana kwamba imefunikwa vumbi, na akijaribu kupandisha mwanga haupandi. Ikiwa ni iPhone, inaweza hata kukataa kabisa na kumwandikia kwamba inahitaji kupoa kwanza: `iPhone needs to cool down before you can use it`. Anawasha gari, anachomeka chaja, anafungua ramani, anaondoka. Akifika Nyalenda anatazama: 93. Akifika Kibuye: 90. Chaja imechomekwa muda wote huo. Anasimama, ananunua waya mpya. Asilimia bado zinashuka.

Waya wa zamani haukuwa na kosa. Simu imekataa chaji kwa makusudi, na imefanya vizuri kukataa.

Kuipoza: mpangilio wa hatua

Mpangilio una maana yake, kwa hiyo ufuate ulivyo.

1. Chomoa chaja kwanza, kabla ya jambo lolote. Ukiipoza simu huku inaingiza umeme unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

2. Itoe juani. Isiende mfukoni, kwa sababu mwili wako una nyuzi 37 na nguo inazuia hewa. Iweke kwenye kivuli cha kiti, juu ya kitu kigumu kisicho na moto. Ukiwa nje ya gari, sakafu ya saruji iliyo kivulini au kaunta ya vigae inafaa sana, maana inanyonya joto haraka kuliko kiti cha kitambaa.

3. Vua kava. Makava mengi ya mpira na ya ngozi bandia hushika joto, na jeusi linajipatia zaidi likiwa juani.

4. Zima skrini na funga ramani. Ikiwa ni ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika mkononi kwa sekunde kumi, izime kabisa. Huenda imefika nyuzi 50 au zaidi.

5. Ipatie hewa inayotembea. Feni, dirisha la gari linalokwenda, au kiyoyozi cha gari kikiwa baridi. Hewa inayotembea inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

6. Ngoja dakika 15 hadi 30. Ukiigusa mgongo na usihisi moto wala baridi, iko karibu na joto la ngozi yako. Hapo iwashe, itumie kidogo, kisha ndipo uchaji.

Friji, barafu na kitambaa kilicholoa viache. Nawajua watu waangalifu kabisa waliofanya hivyo kwa nia njema. Hewa ya karibu na ziwa imebeba unyevu mwingi, na simu iliyotoka kwenye friji inapokutana na hewa hiyo hutoa jasho, nje na ndani, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye barafu. Yale matone ya ndani huwezi kuyafuta. Yanakaa kwenye viunganishi vya bodi na kuanza kuvila taratibu, na simu inaletwa kwa fundi wiki kadhaa baadaye mwenyewe akiapa kwamba haijawahi kuguswa na maji. Isitoshe, kioo, gundi na chuma havisinyai kwa kasi moja, na kuvipoza ghafla kunavifanya vivutane.

Kinachotokea ndani ya betri

Betri ya simu ni mfuko mwembamba wa karatasi ya alumini. Ndani yake kuna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando, na kimiminika kinachobeba chembe za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Upande hasi ni wa grafiti. Tangu siku betri inatengenezwa, juu ya grafiti hiyo huwa kuna utando mwingine mwembamba sana uliotokana na kile kimiminika kuungana na lithiamu. Utando huo ni wa lazima. Bila huo betri isingedumu. Lakini kila joto linapopanda, utando unazidi kunenepa, na kila unaponenepa unafungia ndani yake lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Hiyo ndiyo maana halisi ya betri kupungua uwezo. Kuipoza simu kunasimamisha hasara isiendelee, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kasi ya hasara inategemea pia kiasi cha chaji kilichomo, na hapa ndipo penye jambo ambalo natamani kila dereva alijue. Betri iliyojaa inakuwa na volti ya juu, 4.2 kwa zile za kawaida na hadi 4.45 kwa simu nyingi za sasa. Kwenye volti hiyo upande chanya unakuwa mkali na kimiminika kinavunjika kwa urahisi. Ongeza joto hapo, na mambo mawili yanasaidiana kuharibu. Kuna takwimu zinazonukuliwa sana na watu wa betri zinazoonyesha hivi: betri ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40, hubaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa mwaka huohuo kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa, hubaki na asilimia 65. Lakini nyuzi hizohizo 40, ikiwa na chaji asilimia 40 tu, hubaki na 85.

Rudi kwa dereva wetu wa Dunga. Joto alilokutana nalo asingeliepuka lote, maana kazi yake ni barabarani. Zile asilimia 97 angeweza kuziepuka. Simu ingekaa kwenye dashibodi ileile ikiwa na asilimia 55, madhara yangekuwa madogo zaidi.

Kimiminika kinapovunjika hutoa pia gesi. Gesi kidogo mfuko unaivumilia. Ikizidi, mfuko unafura, na nitarudi kwenye hilo.

Kwa nini chaji inagoma

Ndani ya betri au karibu nayo kuna kipima joto kidogo, na simu inakisoma wakati wote. Betri za lithiamu huruhusiwa kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45. Simu inapoona betri imekaribia 45, inapunguza mkondo wa umeme. Ikipita, inaukata kabisa. Kutumia betri kunaruhusiwa kwenye joto la juu kidogo kuliko kuichaji, na ndiyo sababu simu inaweza kuendelea kuonyesha ramani huku ikikataa umeme. Hapo asilimia zinashuka na chaja imechomekwa. Kwenye iPhone utaona `Charging On Hold`. Simu za Android huandika ujumbe wa namna hiyo kwa maneno tofauti, au hazisemi kitu. Nyingine husimama kwenye asilimia 80 na kukataa kuendelea hadi zipoe.

Kabla hujanunua chaja, fanya jaribio hili. Ipoze simu kwa hatua za hapo juu, kisha chomeka chaja ileile, waya uleule, skrini ikiwa imezimwa, kwa dakika kumi. Asilimia zikipanda, kosa lilikuwa joto. Zisipopanda hata simu ikiwa baridi, ndipo ujaribu waya mwingine, kisha chaja nyingine, kisha usafishe tundu la chaji kwa kijiti cha mbao, maana vumbi la barabara ya Kibos hujaza tundu hilo kuliko mtu anavyofikiri.

Kuna sababu ya tatu inayofanana sana na hizo. Chaja nyingi za zamani za gari hutoa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Simu yenye ramani na mwanga kamili inakula karibu wati hizohizo. Kinachoingia ndicho kinachotoka, betri haijai, na simu nzima inachemka. Hapo chaja mpya yenye nguvu zaidi itasaidia, mradi uitumie simu ikiwa kivulini.

Ukitaka kujua joto la betri kwa namba badala ya kubahatisha, simu nyingi za Android huonyesha ukipiga `*#*#4636#*#*` na kufungua ukurasa wa betri, ingawa kwenye simu nyingine ukurasa huo umeondolewa. Samsung nyingi huonyesha ukipiga `*#0228#`. Programu ya AccuBattery nayo inaonyesha. Fundi mwenye kompyuta anaweza kuisoma kwa amri hii:

```
adb shell dumpsys battery
```

Atafute mstari wa `temperature`. Ukisoma `438`, maana yake ni nyuzi 43.8, kwa kuwa namba hiyo huhesabiwa kwa sehemu za kumi. Mimi namwambia dereva ashike mipaka miwili tu: chini ya 38 endelea na kazi, ukivuka 42 chomoa chaja bila kungoja simu ikukatie yenyewe.

Skrini

Skrini inayofifia yenyewe juani haijaharibika. Simu imepunguza mwanga ili kupunguza joto, na ukiilazimisha itakataa. Tatizo ni kwamba inafifia wakati uleule unapohitaji kuona zaidi. Dawa ni kuiwekea kivuli, au kuacha kuitazama na kusikiliza maelekezo ya sauti, jambo ambalo hata kwa usalama wa barabarani ni bora.

Skrini za LCD, ambazo bado ni nyingi kwenye simu za bei nafuu, zina tabia nyingine. Fuwele za kimiminika zilizomo ndani hupoteza mpangilio zikipashwa sana, na sehemu ya skrini huwa nyeusi kama imemwagiwa wino. Usikimbilie kununua skrini. Ipoze kwa utaratibu, na mara nyingi weusi unatoweka wenyewe. Ukibaki baada ya simu kupoa kabisa, au ukaacha mabaka ya kahawia au ya njano, hapo kweli skrini imeungua na haitarudi.

Skrini za AMOLED haziwi nyeusi hivyo, lakini vitaa vyake vidogo vinachakaa kadiri vinavyowaka kwa mwanga mkali na kadiri vinavyopata joto, na vya buluu huchakaa haraka kuliko vingine. Dereva anayeacha programu moja wazi kutwa, mwanga kamili, ataanza kuona kivuli cha vitufe vyake hata akifungua picha. Hakuna cha kurekebisha hapo.

Neno moja kwa aliyebadilishiwa skrini majuzi. Gundi kama B-7000 huhitaji siku moja hadi mbili ikauke kabisa. Usiipeleke simu hiyo kwenye dashibodi kabla ya hapo, kwa sababu joto litaifungua pembeni na vumbi litaingia.

Kupima kama betri imeumia

Fanya haya jioni, simu ikiwa imepoa.

Anza na macho. Vua kava, laza simu kifudifudi kwenye kioo cha meza au kigae kilichonyooka. Usiilaze chali, kwa kuwa kamera zilizochomoza zitaitikisa na kukudanganya. Iguse pembe moja moja kwa kidole, taratibu. Ikibembea, au ikizunguka kama pia ukiisukuma, kuna kitu kimechomoza katikati. Kisha washa tochi ya simu nyingine na umulike kwenye ukingo wa skrini pande zote. Pengo ambalo halikuwepo, hasa katikati ya ukingo mrefu, ni dalili ya betri inayosukuma. Kwenye LCD unaweza kuona pia baka jeupe katikati ya skrini, mahali betri inapobana kwa nyuma.

Baada ya macho, tabia. Betri iliyozeeshwa na joto upinzani wake wa ndani huongezeka. Simu ikihitaji umeme mwingi kwa ghafla, kwa mfano ukifungua kamera huku ramani inaendelea, volti inaporomoka na simu inazima ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30. Ukiichomeka inawaka na kuonyesha asilimia zilezile. Hiyo ni betri, si programu, na kufuta picha hakutasaidia.

Mwenye iPhone aende `Settings`, kisha `Battery`, kisha `Battery Health`, asome `Maximum Capacity`. Ikiwa chini ya 80, betri imefika wakati wa kubadilishwa. Mwenye Samsung atapata uchunguzi wa betri ndani ya programu ya Samsung Members.

Kupanga simu na chaji kwa siku ya kazi

Chaji ya usiku ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu usiku wa Kisumu una nyuzi 18 hadi 20 na simu haifanyi kazi. Weka kikomo cha chaji kama simu yako inacho: Samsung za sasa zina `Battery protection`, na iPhone 15 na zilizofuata zina kikomo cha asilimia 80 kwenye `Settings`, upande wa `Battery`. Kama huna kikomo, zoea kuchomoa inapofika 80 hivi. Najua dereva atasema asilimia 80 hazimfikishi jioni. Si lazima zimfikishe. Atajaza kidogo kidogo mchana, ila kwa kuchagua wakati.

Saa tano hadi saa tisa mchana jua liko juu na dashibodi inachemka. Katika saa hizo chaji gari likiwa linakwenda, dirisha wazi au kiyoyozi kikiwaka, na uchomoe kabla ya kuegesha. Ukishuka kwenye 30 chomeka, ukifika 70 au 80 chomoa. Usiiache imechomekwa kutwa kwa sababu tu waya upo.

Mahali pa kuiweka panabadilisha mambo kuliko chaja yoyote. Ondoa kishikio kwenye kioo cha mbele ukiweke kwenye tundu la hewa ya kiyoyozi. Kiyoyozi kikiwaka, simu inapulizwa baridi moja kwa moja. Kisipowaka, angalau iko chini ya ukingo wa dashibodi na kivuli kinaifikia. Mwezi wa Julai ukiwa safarini Kericho au Timboroa na ukawasha hewa ya moto, kumbuka kuitoa hapo. Fikiria pia jua linatokea wapi. Ukitoka Kisumu kwenda Busia alasiri, jua liko usoni na linapita kioo cha mbele hadi kwenye skrini. Ukienda Ahero asubuhi ni vivyo hivyo. Safari hizo simu ikae chini, sauti ikuongoze.

Ukiegesha, simu ishuke nawe. Droo ya dashibodi na chini ya kiti ni afadhali kuliko juani, lakini hewa ya humo nayo itafika karibu nyuzi 50. Ikiwa lazima ibaki, izime, ichomoe, na iwe na chaji ya nusu. Pawabanki nayo ni betri ya lithiamu, tena kubwa kuliko ya simu, na mara nyingi haina ulinzi mzuri wa joto. Hiyo nayo usiiache kwenye dashibodi.

Kwa mwenye bodaboda, hewa ya barabarani inamsaidia maadamu anakwenda. Kinachomwumiza ni ule mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua. Akisimama stejini Kondele, mfuko huo unafanya kazi ya gari lililofungwa, na simu iliyo kwenye chaji ya pikipiki ndani yake haipati pumzi. Kiangazi aufungue, na akisimama aichomoe simu na kuiweka kivulini.

Betri ikiwa imefura

Acha kuichaji mara moja. Izime. Usiibonyeze skrini irudi mahali pake, na usikubali mtu akutobolee mfuko "itoe hewa"; gesi hiyo inaweza kuwaka, na tabaka za ndani zikigusana betri inashika moto yenyewe. Iweke juu ya saruji au kwenye sufuria yenye mchanga, mbali na godoro, pazia na watoto, hadi uifikishe kwa fundi. Usiiache garini hata kidogo. Picha na namba zako zihamishe tu kama simu inawaka bila chaja na haina moto mkononi.

Kwa fundi, angalia jinsi anavyoitoa. Anapaswa kulainisha gundi kwa spiriti na kuivuta kwa kadi ya plastiki, si kuidongoa kwa bisibisi. Betri ya zamani mwachie yeye aipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Isiende kwenye jaa la mtaa, ambako takataka huchomwa.

Na betri mpya unayouziwa, tazama ilikokuwa imekaa. Vibanda vingi hupanga betri kwenye kabati la kioo linalotazama barabara, na jua la mchana linaingia humo miezi yote. Betri iliyokaa hapo mwaka mzima imezeeka kabla hujaifunga. Omba iliyo kwenye boksi ndani ya droo, soma tarehe ya kutengenezwa iliyochapishwa juu yake, pitisha kidole uhisi kama mfuko ni bapa na mgumu, na mwambie fundi apime volti kabla ya kuifunga. Ikisoma kati ya 3.7 na 3.9, imehifadhiwa vizuri. Ikiwa chini ya 3, irudishe.